Digrii 16.1 kwenda kushoto: kutoka kipimo cha polarimita hadi ziada ya enantiomeri

Mezani kuna kichupa cha kioevu kisicho na rangi, chenye harufu kali ya amini. Kioevu hicho kimejazwa kwenye mrija wa polarimita wenye urefu wa nusu desimita, taa ya sodiamu imewashwa, na kipimo kimesoma −16.1°. Kinachotakiwa sasa ni jibu la swali moja: kati ya molekuli zilizomo, ngapi ni za umbo moja na ngapi ni za umbo lake la kwenye kioo?

Hesabu ya kulifikia jibu hilo haizidi mistari mitatu, na mwanafunzi yeyote huikariri kwa dakika chache. Ugumu upo kwenye namba zinazoingizwa humo. Kila moja imebeba sharti lake, na sharti likivunjwa hesabu haigomi, inatoa tu jibu lenye sura nzuri ambalo si kweli. Ndiyo maana nitakifuata kichupa hiki kimoja tangu kilikotoka hadi tutakapokuwa na haki ya kuandika asilimia yake.

Polarimita inaona nini hasa

Enantiomeri ni molekuli mbili zenye atomu zilezile zilizoungana kwa mpangilio uleule, ila moja ni taswira ya nyingine kwenye kioo na haziwezi kulaliana zikalingana. Zinachemka kwa joto moja, zina densiti moja, na kwenye kiyeyushi cha kawaida zinayeyuka sawasawa. Tofauti yake hujitokeza zinapokutana na kitu kingine chenye mkono, yaani kitu cha kairali, au zinapopitiwa na mwanga unaotikisika katika bapa moja tu. Mwanga wa namna hiyo ukipita katika enantiomeri moja, bapa lake hugeuka kidogo kuelekea kulia. Ukipita katika mwenzake, hugeuka kwa kiasi kilekile kuelekea kushoto. Mfaransa Jean-Baptiste Biot aliliona jambo hili kwenye vimiminika, tapentaini ikiwemo, mnamo 1815.

Neno la kushika hapo ni "kiasi kilekile". Molekuli moja ya kulia na moja ya kushoto hufutana kabisa. Mchanganyiko wenye nusu kwa nusu, ambao huitwa mchanganyiko rasemia, husoma sifuri ingawa kila molekuli iliyomo inageuza mwanga. Louis Pasteur, mwaka 1848, alizitenga kwa mkono fuwele za kulia na za kushoto za chumvi moja ya asidi ya tartariki, akayeyusha kila fungu peke yake na kuona yakigeuza mwanga pande mbili tofauti. Alipochanganya kiasi sawa cha myeyusho wa kila upande, mgeuko ulitoweka.

Basi polarimita haihesabu molekuli za kulia, wala haihesabu za kushoto. Inaona masalia tu baada ya jozi zote kufutana. Hesabu yote inayofuata imesimama juu ya jambo hilo.

Kuiondolea namba urefu wa mrija

Ile −16.1° peke yake haina maana kwa mtu asiyeujua mrija wetu. Mrija ungekuwa wa desimita nzima, mwanga ungekutana na molekuli mara mbili zaidi na kipimo kingekuwa −32.2°. Sampuli ingepunguzwa makali kwa kiyeyushi, kingeshuka. Kwa hiyo mgeuko hugawanywa kwa urefu wa mrija na kwa ukolezi, na kinachobaki huitwa mgeuko mahsusi:

```
[α] = α / (l × c)
```

Hapa α ni digrii zilizosomwa, l ni urefu wa mrija kwa desimita, na c ni gramu za dutu katika kila mililita. Kwa kioevu kitupu kisichoyeyushwa, c ni densiti yake. Joto huandikwa juu ya mabano na urefu wa wimbi la mwanga huandikwa chini yake. Herufi D ikionekana hapo, ni mwanga wa njano wa sodiamu, nanomita 589.

Kuna mtego mdogo unaopaswa kutajwa mapema. Vitabu vya maabara na katalogi za kemikali vikiandika "c 10, ethanoli" karibu na mgeuko mahsusi, ile 10 ni gramu katika mililita 100, si katika mililita moja. Anayeiingiza ilivyo kwenye fomula iliyo hapo juu hukosea mara 100. Kosa la ukubwa huo huonekana mara moja, kwa hiyo haliwi na madhara marefu. Makosa yanayonitia wasiwasi ni ya asilimia 5 au 10, kwa kuwa hayo hayapigi kelele.

Kichupa kilitoka wapi

Kioevu chetu ni 1-feniliethilamini. Ilianza ikiwa rasemia, gramu 20, nusu ya umbo linaloitwa R na nusu ya umbo lake la kwenye kioo, linaloitwa S. Ili kuzitenganisha iliyeyushwa pamoja na asidi ya tartariki ya upande mmoja, ile ya (+), kwenye methanoli ya moto, kwa uwiano wa molekuli moja kwa moja, yaani karibu gramu 24.8 za asidi. Amini humwagwa taratibu kwa sababu inapokutana na asidi joto hupanda na methanoli inaweza kufoka hadi nje ya chupa.

Sasa kila amini imeshikana na asidi yenye mkono uleule mmoja, na zile chumvi mbili si taswira za kioo tena. Ni dutu mbili tofauti zenye uyeyukaji tofauti. Chumvi ya amini ya S huyeyuka kwa shida zaidi katika methanoli, kwa hiyo ndiyo inayoganda kwanza mchanganyiko ukiachwa upoe polepole hadi kesho yake.

Hapa inafaa kuinama na kuangalia chini ya chupa. Fuwele nzuri huwa nene, zenye pembe zilizokatwa vizuri na nyuso zinazometa. Pengine hutokea nyingine, nyembamba kama sindano, zimesongamana kama manyoya. Sindano hizo hubeba amini ya upande wa pili kwa wingi zaidi, na njia iliyozoeleka ni kupasha joto upya hadi ziyeyuke, kupandikiza punje chache za fuwele nene, kisha kuacha ipoe tena. Mtu aliyeziona sindano akaendelea hivyohivyo hapaswi kushangaa polarimita ikimpa namba ndogo mwishoni.

Fuwele zilichujwa, zikatiwa soda kali ya kuvunja chumvi, na amini iliyoachiliwa ikavutwa kwa etha. Asidi ya tartariki ilibaki kwenye maji. Etha ikavukizwa. Kilichobaki ndicho kilichomo kichupani. Kishikilie hicho kipande cha "etha ikavukizwa", kwani tutakirudia.

Mistari mitatu

Enantiomeri safi ya S ya amini hii, ikiwa kioevu kitupu, hutajwa vitabuni kuwa na mgeuko mahsusi wa −40.3°. Densiti yake ni karibu gramu 0.94 kwa mililita. Kwa hiyo:

```
[α] = −16.1 / (0.5 × 0.94) = −34.3
usafi wa optiki = (−34.3 / −40.3) × 100 = 85%
S = (100 + 85) / 2 = 92.5%     R = 100 − 92.5 = 7.5%
```

Mstari wa kwanza umeshaelezwa. Mstari wa pili unauliza: sampuli hii inageuza mwanga kwa sehemu gani ya kile ambacho ingegeuza kama ingekuwa ya upande mmoja mtupu? Jibu lake ndilo usafi wa optiki.

Mstari wa tatu ndio unaowateleza wengi. Ukisikia 85%, akili inataka kusema kwamba S ni 85 na R ni 15. Sivyo. Kumbuka polarimita huona masalia. Katika kila molekuli 100, ikiwa R ni 7.5, kuna S nyingine 7.5 zinazofutwa nazo. Jumla hiyo ya 15 ni kama rasemia iliyojificha ndani ya sampuli, kimya kabisa mbele ya mwanga. Zinazobaki kugeuza ni S 85. Ziada ya enantiomeri ni hizo 85, yaani tofauti kati ya mkubwa na mdogo: 92.5 toa 7.5. Nusu ya rasemia iliyojificha nayo ni S, ndiyo maana S kwa jumla ni 85 jumlisha 7.5.

Kwa kupima uelewa wako, fikiria sampuli iliyopoteza nusu ya mgeuko wake. Haimaanishi nusu ya molekuli zimegeuka upande wa pili. Ni robo tu iliyogeuka: 75 kwa 25 huacha masalia ya 50. Zikigeuka nusu, kipimo hurudi sifuri.

Dokezo moja la majina kabla ya kuendelea. Amini yetu ya S inageuza mwanga kushoto, lakini S haimaanishi kushoto. R na S hutokana na kanuni ya kupanga makundi yaliyozunguka kaboni, na alama za + na − hutokana na kipimo. Kuna dutu nyingi ambazo S yake hugeuza kulia. Upande haubashiriwi kutokana na herufi.

Namba ya chini ya mstari

Usafi wa optiki ni sehemu: juu kuna tulichopima, chini kuna tulichoazima kitabuni. Watu hutumia saa nzima kukipima kile cha juu kwa uangalifu, kisha hunakili cha chini bila kuangalia kimepimwaje. Chanzo kimoja kinaweza kutoa −40.3 na kingine −39 kwa amini hiihii. Tukitumia −39, usafi wetu unapanda kutoka 85% hadi karibu 88%. Hakuna kilichobadilika kichupani.

Kiyeyushi kina nguvu kubwa zaidi. Amini hii ikiyeyushwa katika ethanoli, mgeuko mahsusi wa enantiomeri safi haubaki 40. Hushuka hadi takriban 30. Molekuli za ethanoli huishika amini kwa vifungo vya haidrojeni, zikabadilisha jinsi inavyojikunja na jinsi elektroni zake zinavyokutana na mwanga. Sasa chukua mtu aliyepima katika ethanoli akagawanya kwa namba ya kioevu kitupu. Sampuli yenye ziada ya kweli ya 94% itampa mgeuko mahsusi wa karibu 28, naye ataandika 70%. Akifanya kinyume, yaani akapima kioevu kitupu kama chetu na kugawanya kwa 30, atapata asilimia 114.

Na hiyo 114 ina faida. Usafi wa optiki hauwezi kuzidi 100%, kwa hiyo ukizidi umeonywa waziwazi kwamba kuna kitu: kiyeyushi si chenyewe, ukolezi umekosewa, au kuna dutu nyingine ya kairali yenye mgeuko mkubwa imeingia. Kosa linaloshusha jibu halitoi onyo. Sabini ni namba inayoaminika.

Kipimo cha juu nacho kina hila zake za mkononi. Mrija mtupu au wenye kiyeyushi pekee husomwa kwanza, na usomaji huo hutolewa. Kiputo cha hewa kisikae kwenye njia ya mwanga. Vifuniko vya mrija visikazwe kwa nguvu: kioo kilichobanwa hugeuza mwanga chenyewe, na ukilegeza kifuniko kidogo utaona namba ikihama. Tena, chombo hakiwezi kutofautisha −16° na +164°, kwa kuwa bapa la mwanga linarudi palepale kila baada ya digrii 180. Dawa yake ni kupima tena kwa ukolezi wa nusu. Kama ilikuwa −16 itakuwa karibu −8. Kama ilikuwa +164 itakuwa +82, na hizo mbili hazifanani.

Etha iliyobaki

Turudi kwenye kichupa. Tone la sampuli ileile limepitishwa kwenye safu ya kromatografia iliyopakwa dutu ya kairali. Humo ndani enantiomeri mbili hukutana na mkono uleule mmoja, moja ikashikwa zaidi na kuchelewa kutoka. Rasemia ilipitishwa kwanza, ikatoa vilele viwili vyenye maeneo sawa, na hivyo tukajua kila kimoja kiko wapi. Sampuli yetu imetoa 97.0 kwa 3.0. Ziada ya enantiomeri ni 94%.

Polarimita ilisema 85. Nani mkweli?

Vyote viwili vimesema kweli, ila vimejibu maswali tofauti. Safu hulinganisha S na R peke yake. Kitu kingine kikiwemo hutoka kwa wakati wake na hakiingii kwenye uwiano. Polarimita hupokea kila kilichomo katika njia ya mwanga, na fomula yake iliambiwa kwamba kila mililita ina gramu 0.94 za amini. Tukirudi nyuma kwa kutumia 94%, mgeuko wa −16.1 unadai gramu 0.85 tu za amini katika kila mililita. Nafasi iliyobaki ilijazwa na kitu kisichogeuza mwanga. Kwa densiti ya etha, ambayo ni karibu 0.71, upungufu huo unalingana na gramu 7 hivi za etha katika kila gramu 100 za kioevu.

Gramu 7 katika 100 hazionekani kwa macho. Zinanusika kwa shida chini ya harufu ya amini. Lakini zinathibitika kwa njia rahisi: weka kichupa kwenye mizani, kipitishe kwenye ombwe kwa muda, kipime tena. Uzito ukishuka, kulikuwa na kinachovukizika. Mashine ya NMR ingeonyesha alama za etha mara moja. Amini yenyewe huchemka karibu digrii 187, kwa hiyo haiondoki upesi hivyo. Huwa naona ni heri kupima uzito mara mbili kabla ya polarimita kuliko kubishana na namba baadaye.

Kuna mgeni mwingine anayefanya kazi ileile kimyakimya. Amini hii huvuta dioksidi ya kaboni hewani na kutengeneza kigumu cheupe. Ukiona utando mweupe shingoni mwa kichupa, sehemu ya amini imekuwa kitu kingine.

Huu ndio utofauti ninaotaka msomaji aondoke nao: ziada ya enantiomeri ni uwiano wa molekuli, usafi wa optiki ni uwiano wa migeuko. Huwa namba moja pale tu ambapo sampuli haina kingine chochote, masharti ya vipimo viwili yanafanana, na mgeuko unapanda kwa mstari ulionyooka pamoja na uwiano. Sharti hilo la mwisho watu wengi hulichukulia kuwa sheria ya asili. Si sheria.

Mstari usionyooka

Mwaka 1969, mwanakemia Mfaransa Alain Horeau alionyesha hilo kwa asidi ya 2-ethili-2-methilisaksiniki. Alitengeneza michanganyiko yenye ziada inayojulikana na kuipima. Katika kiyeyushi kisichoshikana na asidi hiyo, usafi wa optiki haukulingana na ziada ya enantiomeri. Mchoro ulijipinda badala ya kunyooka. Katika kiyeyushi kama ethanoli, mpindo ulitoweka.

Sababu yake inaeleweka. Asidi hizi hupenda kushikana mbilimbili kwa vifungo vya haidrojeni. Jozi ya S na S ina mgeuko wake, na jozi ya S na R ni kitu kingine kabisa, kisichogeuza. Sampuli ikiwa safi, karibu kila jozi ni ya S na S. R zikiingia, kila moja inaweza kumnyakua S mmoja katika jozi ya mseto, na idadi ya jozi za S na S haishuki kwa kufuata uwiano ulionyooka. Ethanoli huvunja jozi kwa kujishikiza yenyewe kwenye asidi, kila molekuli ikabaki peke yake, na hesabu ya kufutana ikarudi kufanya kazi.

Kwa hiyo asidi, alkoholi na amini, hasa zikipimwa kama kioevu kitupu au katika kiyeyushi kisichoshika haidrojeni, zinastahili tahadhari. Kipimo cha kugundua ni cha moja kwa moja: changanya kwa mizani enantiomeri safi na rasemia kwa viwango vitatu au vinne, pima kila mmoja, chora. Nukta zikikaa kwenye mstari ulionyooka, tumia polarimita kwa amani. Zikijipinda, tumia mchoro huo wenyewe kama kipimo chako, au hamia kiyeyushi kingine.

Karibu na mia

Mpaka mmoja hauvukwi hata masharti yote yakitimia. Chukua sampuli mbili, moja ya ziada ya 98% na nyingine ya 99.5%. Katika mrija wetu wa nusu desimita zitasoma −18.56° na −18.85°. Chombo kizuri kinaona tofauti hiyo ya digrii 0.3. Lakini namba ya kitabuni yenyewe huyumba kwa digrii nzima katika 40, na hapo tofauti yetu inamezwa.

Tazama basi tofauti hiyo kwa upande wa molekuli. Ya kwanza ina R 1 katika kila 100. Ya pili ina robo ya hiyo. Pacha asiyetakiwa amepungua mara nne na polarimita haiwezi kuapa kwamba imeyaona hayo. Safu ya kairali inaona, kwa sababu inatazama kilele kidogo chenyewe na si pengo kati ya namba mbili kubwa. Njia nyingine ni kuziunganisha amini na asidi ya Mosher, ambayo nayo ni ya kairali, kisha kuzisoma kwa NMR zikiwa dutu mbili tofauti. Hapo lazima amini yote iishe kubadilika, kwani zikichukuliwa nusu njiani, ile inayoungana haraka itaonekana imezidi.

Kuuliza maji yaliyobaki

Polarimita ina kazi moja ambayo bado naipenda kuliko zote, nayo ni ya kukagua hesabu kwa upande wa pili. Tulianza na rasemia, gramu 10 za S na gramu 10 za R. Tuseme baada ya kuikausha vizuri amini ya fuwele ni gramu 7.0, zenye S 97%. Hizo ni gramu 6.79 za S na gramu 0.21 za R. Zilizobaki kwenye methanoli iliyochujwa haziwezi kuwa chochote tu: ni gramu 3.21 za S na gramu 9.79 za R. Ziada yake ni 6.58 kugawanya kwa 13, yaani karibu 51%, na safari hii upande wa R.

Amini hiyo ikitolewa kwenye chumvi yake, ikakaushwa na kuwekwa katika mrija uleule wa nusu desimita, inapaswa kusoma karibu +9.6°. Ikisoma hivyo, vipande viwili vya kazi vinashuhudiliana, na ile 94% imepata ushahidi wa pili usiotegemea safu. Ikisoma +6°, kitu cha kwanza ni kurudi kwenye mizani na ombwe kutafuta etha. Kama etha haipo, tone la sampuli hiyo liende kwenye safu ya kairali. Uwiano ukitoka karibu 75.3 kwa 24.7, kosa ni la kipimo cha mgeuko au ukolezi, na ukitoka chini ya hapo, kuna amini ya R iliyopotea njiani kati ya kuchuja na kuvuta kwa etha.